Asante dada wa steshenari, Moshi

Dada wa steshenari karibu na stendi, hata jina sikukuuliza. Nilikuja kutoa kopi tu ya makubaliano ya matunzo ya watoto, kabla mimi na baba yao hatujasaini. Ukaomba vyeti vya kuzaliwa. Kidole kwenye cheti, kalamu kwenye makubaliano, ukasoma herufi kwa herufi. Cheti kinasema Rehma, makubaliano yanasema Rehema. Tarehe 3/8 imegeuka 8/3; ukashauri mwezi uandikwe kwa maneno. Kisha ukauliza, "Mama, ukurasa wa kwanza mnalipana mwisho wa mwezi, wa pili tarehe 5. Ipi sasa?" Nikampigia baba yao palepale, tukakubaliana tarehe 5. Ukachapa upya, ukachukua hela ya kopi tu.