Barua ya malalamiko: pointi sita zilizogeuka kumi na moja

Tabata, Dar es Salaam
21 Oktoba 2024

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: ANKARA YA SH. 1,100,000 KWA KAZI YA KUBADILISHA MABOMBA YA MAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu ambaye mafundi wenu walifanya kazi nyumbani kwake kuanzia Jumatano tarehe 9 hadi Ijumaa tarehe 11 mwezi huu. Kazi ilikuwa kuachana na mabomba ya zamani ya chuma yaliyooza kwa kutu na kuweka ya plastiki ya PPR bafuni, jikoni na uani. Kwenye simu kijana wenu aliniambia "bei ndiyo hiyo mzee, ofisi imeshapiga hesabu". Naandika kwa sababu hesabu hiyo mimi sikushirikishwa, na sehemu yake kubwa inahusu mambo ambayo hatukuyazungumza kabla ya kazi kuanza.

Naomba nianze Jumamosi tarehe 5, siku aliyokuja msimamizi wenu kukagua. Nilimlipa sh. 20,000 ya ukaguzi, akasema itakatwa kwenye bili nikiwapa kazi. Tulizunguka naye nyumba nzima. Alifungua koki, akagonga ukuta wa bafuni, akapanda kwenye stuli kuiangalia hita ya maji. Kisha akahesabu kwa sauti mbele yangu: shawa, beseni la kunawia, choo, sinki la jikoni, mashine ya kufulia, koki ya uani. "Pointi sita mzee, elfu thelathini na tano kila pointi." Hiyo ni sh. 210,000 ya ufundi. Vifaa akasema mtanunua nyie na havitazidi laki nne. Kichwani mwangu nikaweka sh. 610,000, na siku ya kuanza kazi nikatoa malipo ya awali ya sh. 400,000.

Ankara mliyonitumia tarehe 16 inasema pointi kumi na moja.

Nilipouliza nikaambiwa kwamba maji ya moto ya shawa, beseni na sinki ni pointi tatu za peke yake, na hita ina pointi mbili, moja ya maji kuingia na moja ya kutoka. Sikutaka kubishana na jambo nisilolijua, kwa hiyo nilimuuliza fundi bomba mwingine wa hapa mtaani, mtu asiye na maslahi na ugomvi huu. Alicheka kwanza. Akanieleza kwamba neno "pointi" halina tafsiri moja: kuna fundi anayehesabu kifaa, yaani sinki ni sinki hata likiwa na maji ya aina mbili, na kuna anayehesabu kila mdomo wa bomba unaotokeza ukutani. Wote wawili ni waaminifu. Ugomvi unazaliwa pale ambapo fundi anahesabu midomo huku mwenye nyumba anahesabu vifaa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kwa maelezo hayo nakubali pointi tatu za maji ya moto, japo msimamizi wenu aliiona hita kwa macho yake na angeweza kuzitaja siku ile ile. Za hita sizikubali. Pale hakuna bomba jipya lililofungwa. Mafundi walifungua mipira miwili ya kuunganishia na kuirudisha ile ile. Na hata kwa hesabu ya midomo, maji ya moto yanaanzia kwenye hita na kuishia kwenye shawa. Huwezi kunitoza mwisho wa safari kisha ukanitoza na stendi ya kuondokea. Pointi tisa ni sh. 315,000.

Sasa nije kwenye kutindua ukuta. Mmeandika mita 18 kwa sh. 5,000, jumla 90,000. Gharama hii haikutajwa kabisa tarehe 5. Mimi nilidhani imo ndani ya bei ya pointi, kwa kuwa bomba la ndani ya ukuta haliwezi kulazwa bila kutindua. Lakini Alhamisi jioni niliukuta ukuta umeshachimbwa, nikaona jasho la vijana wale, na nikawaambia waendelee. Basi tuseme ni kazi ya ziada na nitailipa. Tatizo ni urefu. Nilipima mfereji kwa tepu kabla haujafunikwa, na picha zenye tepu ikionekana nilizituma kwenye WhatsApp ya ofisi yenu usiku ule ule. Ni mita 9. Nadhani najua 18 imetoka wapi: bomba la baridi na la moto yamelazwa sambamba kwenye mfereji mmoja, na aliyeandika ankara akiwa ofisini amejumlisha urefu wa mabomba. Tindo ilipita mara moja tu. Mita 9 ni sh. 45,000.

Lipu mmetoza sh. 120,000. Hapa lawama tugawane. Ijumaa mchana fundi alinipigia nikiwa kazini akauliza, "Tufunge ukuta, mzee?" Nikajibu fungeni. Yeye hakutaja bei na mimi sikuuliza. Kwa kuwa ankara imeandika lipu "mita 18" vile vile, nitalipa nusu, sh. 60,000. Vigae vilivyovunjwa havijarudishiwa, na nimeambiwa hiyo ni kazi ya fundi vigae, si yenu. Sawa, ila hilo nalo nililisikia baada ya vigae kuwa tayari chini.

Ili msidhani nalalamikia kila kitu, kuna jambo moja mafundi wenu walilifanya vizuri sana. Jumatano asubuhi waligundua kwamba geti valvu ya karibu na mita haifungi. Ukiizungusha maji yanaendelea kupita. Hilo lisingejulikana siku ya ukaguzi bila kuijaribu valvu. Fundi alisimamisha kazi, akanitumia video ya sekunde chache, akasema valvu mpya na yunioni pamoja na ufundi ni sh. 45,000, kisha akasubiri. Nilijibu kwa sauti baada ya kama robo saa: weka. Gharama hiyo siijadili hata kidogo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kijana aliyejua kusimama na kuuliza kwa ajili ya valvu moja hakuruhusiwa kufanya hivyo kwa pointi tano na mita 18.

Vifaa mmeandika kwa mstari mmoja, "vifaa vya PPR na vinginevyo, 460,000". Nilipoomba risiti za duka la vifaa nililetewa nakala nne, na jumla yake ni sh. 372,500. Tofauti ya sh. 87,500 haina karatasi wala maelezo. Kama ni faida ya kampuni au usafiri, ilitakiwa itajwe mwanzoni kwa jina lake, nami ningeamua kama nainunua au naenda dukani mwenyewe. Tena Ijumaa jioni mabomba mawili mazima yaliyobaki yaliondoka juu ya pikipiki ya fundi. Risiti zinaonyesha niliyatozwa. Naomba yarudishwe.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Tarehe 15 niliona unyevu chini ya beseni la bafuni, na sasa doa limefika upana wa sahani. Ukuta ulifungwa Ijumaa ile ile ambayo viungio vya mwisho vilichomwa, bila mfumo kupimwa presha. Najua hivyo kwa sababu nilimuuliza fundi akasema walifungua maji, wakaangalia, hayakuvuja. Kufungua maji si kupima. Kupima ni kuziba midomo yote, kujaza mabomba maji, kuyasukuma kwa pampu ya mkono yenye geji hadi juu ya presha ya kawaida ya nyumba, kisha kuacha na kuangalia kama sindano inashuka. Kiungio cha PPR kilichochomwa vibaya kinaweza kushika siku mbili tatu kisha kikaanza kutoa jasho. Na hakikazwi kwa spana kama cha chuma. Kinakatwa, na kipande kipya kinachomwa kwa soketi. Kwa hiyo ukuta lazima ufunguliwe tena.

Ofisi yenu imeniambia kufungua na kufunga tena ni "kazi mpya" ya sh. 60,000, kwa kuwa kupima presha hakukuwamo kwenye makubaliano. Ni kweli hatukukutaja. Lakini niliponunua pointi nilinunua maji yanayotoka kwenye koki na yasiyotoka ukutani. Siamini kuna mteja anayetakiwa kuagiza hilo kwa maneno. Hii sitailipa.

Kwa hesabu yangu basi: pointi tisa 315,000, valvu 45,000, vifaa kwa mujibu wa risiti 372,500, kutindua 45,000 na lipu 60,000. Jumla ni sh. 837,500. Tukitoa 20,000 ya ukaguzi ambayo mmesahau kuikata, na 400,000 niliyotanguliza, mnanidai sh. 417,500. Nyie mnasema 700,000. Hizo 417,500 ninazo, na nitazilipa siku ile ile ambayo kiungio kitakatwa na kuchomwa upya, mfumo utapimwa presha nikiwa nimesimama hapo, na ukuta kufungwa. Naomba pia risiti ya EFD ya kiasi chote, kikiwamo cha awali ambacho nilipewa karatasi ya mkono tu. Kisheria mimi mnunuzi nami natakiwa kuidai.

Mafundi wakija, sitawafungulia mlango kabla ya kupokea ujumbe wenu, hata wa WhatsApp, unaosema mambo haya: kiungio kipi kinarekebishwa, ukuta unafunguliwa kiasi gani, nani ananunua vifaa, kwamba gharama kwangu ni sifuri, na kwamba wakikuta kitu kisichotarajiwa watasimama na kunipigia kama walivyofanya kwa valvu. Nami nitajibu "nimekubali" kabla tindo haijagusa ukuta.

Nasubiri majibu yenu hadi Jumatatu tarehe 28 Oktoba. Siku hiyo ikipita kimya, nitaita fundi mwingine kuzuia maji, nitakata gharama yake kwenye hizo 417,500, na nitapeleka nakala ya barua hii pamoja na picha za mfereji Tume ya Ushindani. Naomba mje asubuhi. Kuanzia saa nane mchana maji ya mgao huwa yamekatika huku kwetu na hakutakuwa na cha kupimia.

Wenu,

Mteja wa Tabata