Kaka, kabla hujamwachia dogo funguo

Kaka yangu,

Mama kaniambia unasafiri tena mwezi ujao na wifi anarudi kwa daktari Dar es Salaam. Namwombea kila siku, naomba umfikishie salamu zangu. Kaniambia pia kwamba safari hii duka unamwachia mtoto wa mama mdogo. Ningekupigia, lakini simu zangu hupokei tangu siku ile, na ujumbe unausoma bila kujibu. Nimeona bora niandike hapa, maana hapa najua unapita.

Dogo ni mwaminifu. Kwa hiyo naomba usimwachie duka kama ulivyoniachia mimi.

Mlipanda treni ya umeme alfajiri, wifi amejifunga kanga mbili kwa baridi. Pale mlangoni ulinipa funguo, simu ya wakala na namba yake ya siri, ukaniambia, "Dukani kuna mali ya milioni 3 na laki 4. Haya mengine tutaelewana nikirudi." Nilikubali kwa sababu ni wewe. Wewe ndiye uliyenibeba kwenye baiskeli kutoka Kongwa mjini mpaka nyumbani nilipovunjika mguu. Ningeanzaje kukuuliza utanilipa shilingi ngapi, na mkeo amekaa kwenye bajaji anasubiri?

Lakini ile milioni 3 na laki 4 ilikuwa kichwani mwako. Hakuna aliyeihesabu. Dogo usimwanzishe hivyo. Jioni ya kuamkia safari fungeni duka mapema, mhesabu wote wawili: bidhaa, idadi, bei ya kuuzia, jumla yake. Gunia la sukari lililofunguliwa msilikadirie kwa macho, liwekeni kwenye mizani. Kulihesabu duka kama lako hakumalizi masaa manne. Wekeni sahihi, kila mmoja apige picha zile kurasa abaki nazo kwenye simu yake.

Ona upande wa wakala, kaka. Hatukuwahi kugombana hata siku moja, na ndiko kwenye pesa za wazi kuliko kote. Ulikuwa na mtaji wa laki 5. Mtu akija kuweka pesa, salio la simu linapungua, keshi inaongezeka. Akija kutoa, inakuwa kinyume chake. Kila usiku salio na keshi nikijumlisha lazima zifike laki 5, na kila usiku nilikutumia hesabu yake ukajibu "sawa". Kamisheni iliingia peke yake mwisho wa mwezi, sikuigusa. Tulielewana kwa sababu tulijua tumeanzia wapi.

Sasa nije kwenye siku uliyorudi.

Ulifika saa kumi jioni, vumbi la Nkuhungu limekujaa mpaka kwenye kope, hukuketi hata maji hukunywa. Ulichukua daftari na risiti za jumla za Majengo, ukahesabu mali kwa bei za zile risiti, ukapata milioni 2 na laki 5. Ukasema: nimeacha milioni 3 na laki 4, nimekuta 2 na nusu, pungufu ni laki 9. Ukatoa 480,000 nilizokutumia za matibabu. Ukaniuliza mbele ya wateja, "Laki 4 na 20 ziko wapi?" Kabla sijajibu ulichukua begi langu chini ya kaunta ukalimwaga juu ya mizani. Kanga yangu, chaja, dawa zangu za presha, sanduku la chakula. Mama muuza mboga alikuwa pale amekuja kununua kiberiti. Alitazama chini.

Hilo ndilo ninaloshindwa, kaka. Namba ya siri ya simu yenye laki 5 nilikaa nayo wiki 5, halafu unanisachi begi.

Usiku ule sikulala, nikapiga hesabu. Mali ya mwanzo uliitaja kwa bei ya kuuzia, ya mwisho ukaihesabu kwa bei ya kununulia. Ile milioni 2 na laki 5, ukiiweka kwa bei ya kuuzia, ni milioni 2 na laki 8. Hapo tu laki 3 zimerudi. Mzigo niliokwenda kununua ndani ya wiki zile ulikuwa wa milioni 2. Hukuutaja kabisa, na hili linaniumiza mimi lakini nalisema: kwa bei ya kuuzia ule mzigo ni 2,240,000. Kwa hiyo ukichukua 3,400,000 ukajumlisha 2,240,000, ukatoa 2,800,000 zilizokuwa kwenye rafu, nilipaswa kuwa nimeuza 2,840,000.

Pesa zilikwenda wapi? Milioni 2 zilinunua mzigo. 480,000 ulipokea wewe. 60,000 zilikuwa umeme, mlinzi na kubeba mzigo. 175,000 zilikuwa kwenye daftari la madeni, na 85,000 zilikuwa kwenye droo ambayo hukuifungua. Jumla 2,800,000. Upungufu ni 40,000, hata kama ile milioni 3 na laki 4 yako ilikuwa sahihi. Na hapo sijagusa sukari: gunia la kilo 50 ukiliuza kwa kupima robo na nusu halikupi kilo 50, kila mpimo unazidi kidogo. Sijagusa pia mkate ambao wanao walikuja kuchukua kila asubuhi. Sikuuandika. Niliona haya kuwaandika watoto wa kaka yangu kwenye daftari kama wateja. Mkate mmoja, siku 35. Zipige mwenyewe.

Kosa langu lipo hapo, nakubali. Dogo mwambie aandike kila kinachoingia nyumbani, hata kiberiti. Na mkubaliane kabla ya safari upungufu wa kiasi gani ni wa duka, na ukizidi hapo ndipo aulizwe.

Kuhusu malipo, usimwambie mtaelewana. Mpe posho ya nauli na chakula kila siku, aitoe kwenye droo na kuiandika, kisha pesa ya mwezi iliyotajwa kwa tarakimu. Asilimia ya mauzo usimwahidi, kwa sababu ndani ya mauzo kuna mtaji wako. Mtu atauza kwa bei ya hasara ili mauzo yapande. Mimi nilifunga cherehani yangu pale Makole wiki 5. Sare za shule za watu zilinirudia, wateja wawili wakahamia kwa mwingine. Nauli ya Ipagala kwenda na kurudi niliitoa mfukoni kwangu. Uliporudi ulinipa 50,000 ukasema nyingine umefidia hasara. Hasara ipi, kaka?

Sikuzikataa kwa sababu nilikuwa na kodi. Hilo nalo nimeliwaza sana. Labda nilipozipokea uliona nimekubali kwamba nimeiba. Sikukubali.

Fundi baiskeli wa pale kona alinisimamisha wiki iliyopita, akasema deni lake amekulipa lote, na wengine kwenye ile orodha wamelipa pia. Nafurahi. Zile kurasa niliziandika kwa mkono wangu, kila jina na tarehe.

Ufunguo wa kufuli la mlango wa nyuma bado ninao, ulikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ule ambao hukuufungua. Jumapili naenda Kongwa, nitamwachia mama. Dogo akauchukue kabla hujaondoka, lile kufuli halina ufunguo mwingine.

Mdogo wako.