Mauzo yamepita bajeti, mbona faida imeshuka?

Kila tukimaliza kufunga hesabu za mwezi kuna mteja atauliza hili swali, kwa hiyo tumeona tulieleze vizuri maana ripoti ya bajeti ikisomwa juujuu inaweza kukufanya umpongeze asiyestahili na umkaripie aliyefanya kazi nzuri.

Kwanza tuelewane kidogo. Tofauti kati ya bajeti na kilichotokea tunaiita nzuri ikiwa imeongeza faida na mbaya ikiwa imeipunguza, basi. Mauzo kuzidi bajeti ni nzuri, gharama kuzidi bajeti ni mbaya. Angalau ndo ripoti itakavyoandika.

Sasa chukua biashara inayouza bidhaa moja tu. Bajeti ilisema watauza pisi 1,000 kwa bei ya 50, na kila pisi itawagharimu 30 kuinunua. Yaani mauzo 50,000, manunuzi 30,000, inabaki 20,000 kabla ya kodi ya pango, mishahara na mengine yasiyobadilika. Mwezi ukaisha wameuza pisi 1,200 lakini kwa bei ya 45, na mzigo wameupata kwa 29 kila pisi. Mauzo yakawa 54,000, manunuzi 34,800, wakabaki na 19,200.

Ripoti ya kawaida itakwambia mauzo nzuri 4,000, manunuzi mbaya 4,800, faida imepungua 800. Ukiishia hapo utamwita mtu wa manunuzi umuulize kwa nini amezidisha matumizi, na timu ya mauzo utaipigia makofi. Kumbe mambo ni karibu kinyume.

Tuanze na mauzo. Pisi 200 za ziada, kwa bei ile ile ya bajeti ya 50, zimeleta 10,000, hiyo ni tofauti ya wingi na ni nzuri. Halafu kila pisi kati ya zile 1,200 imeuzwa pungufu ya 5, hapo zimepotea 6,000, hiyo ni tofauti ya bei na ni mbaya. Toa 6,000 kwenye 10,000 unapata ile 4,000 ya kwenye ripoti. Zingatia kwamba wingi tumeupima kwa bei ya bajeti na bei tumeipima kwa wingi halisi, ukipima zote mbili kwa namba za bajeti utabaki na 1,000 isiyo na pa kwenda (pisi 200 mara 5) na hesabu haitafunga.

Upande wa manunuzi hapo ndo watu wengi wanaonewa. Kulinganisha gharama za pisi 1,200 na bajeti ya pisi 1,000 si haki hata kidogo, lazima kwanza uipanue bajeti ifikie wingi halisi. 1,200 mara 30 ni 36,000, wao wametumia 34,800, kwa hiyo mtu wa manunuzi ameokoa 1,200! Pisi 200 za ziada kwa 30 zimeongeza manunuzi kwa 6,000, toa 1,200 iliyookolewa unapata ile mbaya 4,800, kwa hiyo ubaya wote umetokana na wingi, na ukiuza zaidi lazima ununue zaidi.

Ukiweka vyote pamoja: wingi umeongeza faida kwa 4,000 (pisi 200 mara faida ya bajeti ya 20), bei ya kuuzia imekula 6,000, bei ya kununulia imerudisha 1,200. Jumla ni upungufu wa 800, bila senti kupotea njiani.

Je, punguzo la bei lilikuwa kosa? Namba hizi peke yake hazisemi, kwa sababu inawezekana kabisa zile pisi 200 zimekuja kwa sababu ya punguzo lenyewe, kwa hiyo usizisome kama vitu viwili visivyojuana. Swali zuri ni hili, kwa bei mpya walihitaji kuuza pisi ngapi ili wasirudi nyuma? Faida kwa pisi sasa ni 16, gawa 20,000 kwa 16 unapata 1,250. Wamepungukiwa na pisi 50 tu. Na huo mzigo wa 29 uangaliwe pia, kama ni wa ubora wa chini utauona mwezi ujao kwenye bidhaa zinazorudishwa.

Ukiwa na bidhaa nyingi usitumie bei ya wastani. Wateja wakihamia kwenye bidhaa ya bei ndogo wastani unashuka na utadhani umepunguza bei wakati hujagusa kitu. Fanya kila bidhaa kivyake.

Ndo maana mwisho wa mwezi tunawaomba mtutumie idadi zilizouzwa na kununuliwa kwa kila bidhaa, sio jumla ya hela tu. Tukiwa na jumla peke yake tunaweza kukuonyesha ile 4,000 na ile 4,800, zaidi ya hapo hatuwezi kutenganisha chochote.