Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu wa Halmashauri: ramani ya banda la kuku ibadilishwe kabla ya mgao wa vifaranga

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa niaba ya akina mama wa kikundi chetu cha ufugaji, katika kijiji kinachopakana na hifadhi. Tulipata mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, tukapewa na ramani ya banda, tukajenga kama ilivyochorwa: urefu mita 4, upana mita 3, ukuta wa tofali za kuchoma, pande mbili ndefu ukiishia kiunoni na juu yake madirisha ya wavu wa kuku, sakafu ya udongo na paa la bati. Kuku 60 waliingia humo wakiwa wazima. Usiku mmoja wa kiangazi tukapoteza 23, na rejesho la mkopo halikusimama.

Kijiji kizima kilisema ni fisi, kwa kuwa alisikika akilia. Mimi naomba uone tulichokikuta asubuhi, maana ombi langu lote limejengwa juu yake.

Nje ya ukuta wa nyuma palikuwa na shimo lililochimbwa likapita chini ya msingi, na udongo wake ulitupwa upande wa nje. Nyayo zilikuwa kama za mbwa mdogo, kucha zimeacha alama, na manyoya yalitapakaa kuelekea korongoni. Huyo ni bweha. Huchukua kuku na kwenda naye. Ndani, hata hivyo, walikuwamo kuku waliolala palepale walipofia, wameumwa shingoni na kichwani, hawakuliwa hata nusu. Juu ya ukuta, bati lilipopanda na kushuka kwa mawimbi yake, palikuwa na vumbi lililofutika na unywele uliokwama kwenye msumari. Hapo alipita kanu, yule mwenye madoadoa na mkia mrefu wa pete ambaye wengi humwita paka pori. Hakuhitaji kuchimba. Pengo linalopitisha kichwa chake humpitisha mwili mzima.

Halafu kulikuwa na kundi la tatu, na hawa ndio waliotuuma zaidi. Walirundikana kwenye kona moja, hawana jeraha lolote. Kuku wakishtuliwa gizani hukimbilia pamoja na kupandana, wa chini wakakosa pumzi. Kuna na mmoja aliyekatika bawa akiwa amebanwa kwenye wavu. Alikuwa amelala akiuegemea, akavutwa kutoka nje.

Sasa Mheshimiwa, ule wavu mwembamba wenye matundu ya pembe sita umetengenezwa ili kuku asitoke. Haukutengenezwa ili mnyama asiingie. Waya wake ni laini, meno yanaukata, na ukishika kutu mkono wa mtoto unaupasua. Ramani ikiendelea kuutaja huo, kila kikundi kitakachojengewa pembezoni mwa hifadhi kitafika tulikofika sisi.

Tunaomba ramani iandike wavu wa chuma uliochomelewa, ambao mafundi huuita weldimeshi, wenye matundu ya nusu inchi na uliopakwa zinki. Najua hoja ya kwanza itakuwa gharama, kwa hiyo tulipiga hesabu kwa banda hilihili. Tuchukue rola moja ya mita 30 yenye upana wa sentimita 90. Banda lina mzunguko wa mita 14. Wavu unakunjwa: sentimita 30 zinasimama na kupigiliwa ukutani, na sentimita 60 zinalazwa chini kuelekea nje, kisha zinafunikwa udongo na mawe. Ukiongeza vipande vya kufunika kona nne, zinatumika kama mita 17. Madirisha ya pande mbili ndefu yanachukua mita 8. Pengo la chini ya bati linazibwa kwa vipande vya upana wa sentimita 15 vilivyokatwa kwenye rola hiyohiyo, na mita mbili na nusu zinatosha kuzunguka banda lote. Rola moja inamaliza kazi, na kipande kinabaki cha kuweka mlangoni.

Ule wavu wa kulazwa chini ndio watu wanaoubishia sana. Wanauliza kwa nini usizikwe wima. Bweha huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta waya chini ya kucha zake hujaribu kushoto, hujaribu kulia, lakini kwa kawaida harudi nyuma hatua moja aanzie mbali. Ukiuzika wima unahitaji mtaro mrefu, na kwenye ardhi yetu ya mawe mtaro huo hauchimbiki. Kasoro ya wavu wa kulazwa ni kwamba samadi inautafuna zinki, kwa hiyo takataka za banda zisirundikwe juu yake, na kila kabla ya masika mtu apite aukague kwa kuuvuta kwa mkono.

Baada ya usiku ule majirani wengine waliziba madirisha yote kwa udongo. Kanu hakuingia tena, lakini hewa kali ya kinyesi ilijaa ndani hadi macho ya kuku yakaanza kutoa machozi na mafua yakafuata. Ndiyo maana nasisitiza wavu kwenye pengo la juu, si kulikandika. Na fito za kulalia ziwekwe angalau sentimita 60 kutoka kwenye wavu, ili hakuna kuku anayelala akiuegemea. Banda ligawanywe vyumba viwili pia, hata kwa mabanzi, ili wakishtuka wasirundikane wote mahali pamoja.

Kuhusu mlango, ramani inaonyesha komeo moja katikati. Ubao ukipinda kwa jua, chini panabaki mwanya. Tunaomba makomeo mawili, juu na chini, na kizingiti cha zege.

Fisi sijamsahau. Yeye anahitaji uzio wa boma, na huo ni kazi yetu wenyewe: miiba ya mgunga iliyosukwa kwa unene, au wavu wa waya mnene uliofungwa kwenye miti hai, kama wenzetu wa Simanjiro walivyofanya kwenye maboma yao ya ng'ombe. Uzio huo humzuia fisi, lakini kanu hupenya kwenye miiba na huupanda wavu, ndiyo sababu hauwezi kuchukua nafasi ya banda imara. Tumekubaliana pia kwamba mzoga wa kuku na kondo la nyuma la mbuzi vinazikwa kwa kina na kuwekewa mawe juu, maana harufu ndiyo inayomwita.

Tunaomba pia afisa mifugo wa kata asisaini kupokelewa kwa banda akiwa nje. Aingie mchana, afungiwe mlango, asimame kimya macho yazoee giza. Kila anapoona mwanga usiopitia kwenye wavu, apige alama ya chaki. Ukaguzi huo hauna gharama.

Jambo la mwisho ni zito. Tayari wapo wanaozungumza kuweka dawa ya wadudu kwenye mzoga. Mzoga huo utaliwa pia na tai na mbwa wetu wenyewe, na mtoto anaweza kuushika. Afisa wanyamapori aje kwenye mkutano wa kijiji alizungumze hili wazi, na atueleze pia la kichaa cha mbwa: bweha anayeingia uani mchana bila woga asikaribiwe, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende zahanati siku hiyohiyo.

Mgao unaofuata wa vifaranga umeshatangazwa. Tunaomba vikundi vya vijiji vya mpakani vipewe ramani mpya kwanza, na sisi tuliopoteza kuku turuhusiwe kusogeza marejesho hadi tutakapofunga wavu na kuanza kuuza mayai tena. Banda letu lipo wazi kwa fundi wa halmashauri kuja kupima.

Wako katika ujenzi wa wilaya,
Katibu wa kikundi cha akina mama wafugaji