Bosi anapokuongezea kazi juu ya kazi: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Kwamba leo Jumatano mchana bosi amekuletea mchanganuo wa gharama za miaka mitatu, anautaka Ijumaa jioni, na wewe uko katikati ya kufunga hesabu za mwezi. Ukamjibu, "Sawa bosi, nitajitahidi," halafu ukanipigia mimi kulalamika. Mimi siwezi kukupunguzia kazi, mwanangu. Anayeweza ni yuleyule uliyemwambia sawa.

Miaka mingi nimekaa upande wa pili wa meza, kwa hiyo nikuambie anachosikia bosi ukisema utajitahidi: anasikia ndiyo. Anaifuta ile kazi kichwani mwake na kuhamia jambo jingine. Ijumaa akiikosa, hatakumbuka kwamba ulikuwa na mzigo; atakumbuka kwamba ulikubali. Na mara nyingi bosi hajui hata una mzigo gani. Kazi nyingine alikupa mwenyewe wiki kadhaa nyuma akasahau, nyingine zimetoka idara nyingine bila kupitia kwake. Usimdhanie ubaya kabla hujamwonesha kilichopo mezani kwako.

Kabla ya kumwandikia, piga hesabu. Si kwa kukisia, chukua karatasi. Una Alhamisi na Ijumaa, saa nane nane za kazi, jumla kumi na sita. Kikao cha idara kinakula mbili. Simu, barua pepe na watu wanaosimama mlangoni "dakika moja tu" zinakula nyingine mbili, na hizo usijidanganye kwamba safari hii hazitakuwepo. Zimebaki kumi na mbili. Kwa ulivyonieleza, usuluhisho wa benki unataka saa nne, vocha za wazabuni nne, urari na ripoti yake nne. Kumi na mbili zimejaa hapo hapo. Mchanganuo, kwa kuwa takwimu za mwaka wa kwanza bado ziko kwenye mafaili ya karatasi, hautapungua saa nane. Kazi ni ya saa ishirini, muda ni wa saa kumi na mbili. Ukikesha usiku mmoja utaziba sehemu ya pengo hilo, lakini urari unaofanywa na mtu mwenye usingizi unajulikana: unakaa Jumatatu nzima ukitafuta tofauti ya tarakimu mbili zilizopinduliwa.

Sasa angalia tarehe, maana hapo ndipo penye nafasi. Kuna neno umelitaja kwa kupita tu: mchanganuo ni wa kikao cha bodi, na kikao ni Jumanne. Basi Ijumaa si tarehe ya kikao, ni tarehe ya bosi. Anataka kuwa na kitu cha kusoma Jumamosi na Jumapili asiende mbele ya bodi mikono mitupu, na hilo ni haki yake. Lakini anachohitaji kusoma mwishoni mwa wiki huenda si jedwali zima. Makundi manne makubwa ya gharama yanaweza kumtosha mpaka Jumatatu. Vocha nazo, wazabuni wanalipwa Alhamisi ijayo. Umeziweka Ijumaa hii kwa mazoea tu. Urari peke yake ndio umefungwa, kwa sababu makao makuu wanausubiri Ijumaa. Unaona? Ukitenganisha tarehe za kweli na tarehe za mazoea, mpangilio unajitokeza wenyewe. Siku nyingine, kazi ikiwa bado mikononi mwake, uliza hapo hapo: "Nimepokea bosi. Ili nijipange, naomba kujua itatumiwa na nani, na lini hasa inatakiwa mikononi mwao?" Halafu ondoka ukisema utarudi na mpangilio. Hujakubali, hujakataa, na hakuna aliyekosewa adabu.

Ujumbe wenyewe ningeuandika hivi:

"Habari za asubuhi bosi. Jana nilikubali mchanganuo wa gharama kabla sijapiga hesabu ya muda. Nimeupitia, unahitaji siku nzima ya kazi. Hadi Ijumaa jioni nina usuluhisho wa benki, vocha za wazabuni na urari wa makao makuu, na muda wote umejaa. Napendekeza hivi: usuluhisho na urari viishe Ijumaa kama ilivyopangwa. Vocha nizisogeze hadi Jumanne, kwa kuwa malipo ni Alhamisi. Ijumaa jioni nikupe makundi manne makubwa ya gharama uyasome mwishoni mwa wiki, na mchanganuo kamili uupate Jumatatu saa nane mchana. Kama unauhitaji wote Ijumaa, nitautanguliza, ila urari utatoka Jumatatu na itabidi makao makuu waarifiwe. Naomba uamuzi wako kabla ya saa nne asubuhi ili nijue naanza na lipi."

Usome tena utafute wapi umekataa. Neno hapana halimo, siwezi halimo, wala kilio kwamba kazi zimezidi. Kukataa kumo kwenye mpangilio: Ijumaa jioni hatapata mchanganuo mzima, labda akubali kulipa kwa urari. Uamuzi umebaki kwake, kama inavyostahili, lakini sasa anaamua akiwa na hesabu mbele yake.

Kuna vijana wa ofisini wanaodhani heshima ni kumwuliza mkuu, "Sasa bosi, niache lipi?" Swali hilo linamtupia kazi ya kufikiri, naye hajui vocha zako zimefika wapi. Jibu lake la haraka litakuwa, "Fanya zote." Mpelekee pendekezo moja unaloliamini na njia ya pili kama hataki la kwanza. Ukimpa njia tano atakuona hujui kazi yako.

Halafu lugha. Wewe nakujua, ukiogopa unaongeza maneno. "Samahani sana bosi kwa usumbufu, najua una mambo mengi, nilikuwa naomba tu, kama itawezekana, labda tuangalie..." Mtu anasoma mpaka mwisho na hajui kama umeomba ruhusa, umekataa au umemsalimia. Heshima iweke kwenye salamu na pale unapoomba uamuzi. Katikati, kwenye saa na tarehe, usiweke labda wala pengine. Tarehe iliyozungukwa na labda ataisoma kama nafasi ya kukubana. Wala usiwataje wenzako, kwamba fulani ana nafasi na hapewi. Kama unahitaji mtu, omba mtu kwa kazi maalumu: "Nikipata mtu wa kunitolea takwimu za mwaka wa kwanza kwenye mafaili, nitaokoa kama saa tatu." Hilo bosi anaweza kulitekeleza. Malalamiko hana pa kuyaweka.

Akikupa kazi mbele ya watu, usijadiliane naye mbele ya watu. Hata bosi mpole atakaza akiona macho yote yako kwake. Pokea, kisha umfuate ofisini. Mkishazungumza, mwandikie mistari miwili ya mliyokubaliana, kwa sababu bosi mwenye idara nzima kichwani atasahau, na hatasahau kwa ubaya.

Jibu litakalokusumbua zaidi ni hili: "Zote ni muhimu." Hapo wengi hunyamaza na kurudi walikotoka. Usibishane naye kuhusu umuhimu, mkubalie, kisha uulize mfuatano: "Ni kweli bosi, zote ni muhimu. Kwa kuwa mikono ni miwili, naanza na urari, kisha mchanganuo. Ijumaa jioni kitakachokuwa hakijaisha ni mchanganuo. Niendelee hivyo?" Sasa lazima aseme ndiyo au abadilishe. Vyovyote atakavyosema, umepata kipaumbele chake.

Anaweza pia kunyamaza. Saa nne ikipita bila neno, mpigie simu mara moja. Asipopatikana, mwandikie kwamba unaendelea na mpangilio uliopendekeza hadi utakaposikia kutoka kwake. Fanya hivyo kwa sababu pendekezo lako linalinda kile ambacho makao makuu wanakisubiri. Ingekuwa kunyamaza kwake kunasogeza kitu kisichorudi nyuma, ungemfuata alipo mpaka akupe jibu.

Na akishikilia kwamba vyote viishe Ijumaa, hata baada ya kuona hesabu? Ni mkuu wako. Fuata alichotanguliza, fanya unachoweza kwa muda uliopo, na umwandikie mapema kipi hakitafika. Alhamisi jioni, si Ijumaa saa kumi na moja. Mabosi wengi huvumilia ucheleweshaji walioambiwa mapema. Wanaoshtukizwa ndio wanaokuja juu.

Usilitumie hili kila siku. Mfumo wa malipo ukigoma siku ya mishahara, weka karatasi yako ya saa pembeni, ingia kazini na wenzako; hesabu mtafanya baadaye. Na kama mambo haya yanajirudia kila wiki, basi tatizo si mpangilio tena, ni ukubwa wa nafasi uliyopewa. Hilo lina mazungumzo yake. Andika kwa mwezi mmoja kila kazi iliyoingia, aliyeileta na muda ilioula, kisha omba nafasi ya kukaa naye siku isiyo na joto la kufunga hesabu. Ukilipeleka katikati ya wiki kama hii litaonekana hasira.

Jambo moja nalitenga kabisa. Siku atakayokuletea vocha isiyo na viambatisho akitaka uipitishe, usimpelekee pendekezo la vipaumbele. Hiyo unaikataa kwa ufupi, na kwa maandishi.

Basi kesho. Ule ujumbe uandike leo usiku lakini usiutume leo. Bosi anayesoma habari za kazi kitandani hujibu kwa neno moja. Utume saa mbili kamili asubuhi, kisha pita ofisini kwake umwambie kwa mdomo kwamba umemtumia. Ukitaka niusome kwanza, niko macho hadi saa nne usiku. Nikikuta samahani zaidi ya moja nakurudishia.

Mama yako