Shetani hakukupitia, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na ujumbe wangu unaonyesha tiki mbili halafu kimya. Basi naandika hapa, kwa sababu najua shemeji anasoma na atakuonyesha.

Nianze na ile siku ya arobaini ya bibi, chini ya mwembe. Umevaa koti la babu, mikono imekupita urefu, unabandua karatasi ya chupa ya maji kidogo kidogo. Wazee wakakuuliza hela ya matibabu iko wapi, laki sita na arobaini elfu tulizochanga kwenye simu yako. Ukainua uso, ukasema: "Shetani alinipitia." Wazee wakaguna, mmoja akasema shetani mbaya, na pilau ikaanza kupakuliwa.

Hapo ndipo niliposimama. Lakini kabla sijafika huko, sikiliza.

Tulipokuwa tunalala kitanda kimoja kwa bibi, mimi nimetoka madrasa na wewe umetoka shule ya Jumapili, tulikuwa tunabadilishana masheitani. Wa kwako alikuwa malaika mzuri kupita wote, akajivuna, akatupwa chini. Wa kwangu hakuwa malaika hata kidogo. Ustadhi alikuwa mkali hapo: malaika hawaasi, na Sura ya Kahf inasema wazi kwamba Ibilisi alikuwa mmoja wa majini. (Baadaye nilikuja kujua kuwa wanazuoni wa mwanzo nao walivutana, wapo waliomhesabu katika malaika, lakini ustadhi hakutaka habari hizo.) Mungu alimuumba Adam kwa udongo, akawaamuru malaika wamsujudie, wakasujudu wote isipokuwa Ibilisi. Alipoulizwa, akajibu: mimi ni bora kuliko yeye, mimi umeniumba kwa moto na yeye umemuumba kwa udongo.

Wewe ulikuwa unabisha, unasema mimi nimeongeza chumvi. Nami nikikuuliza kwenye Biblia ameangukia wapi, unababaika. Sasa nimesoma, nakuelewa. Kitabu cha Mwanzo kinamtaja nyoka tu, hakisemi ni Shetani. Ile nyota ya alfajiri iliyoanguka, katika Isaya 14, mwenyewe anayesimangwa pale ni mfalme wa Babeli. Mababa wa kanisa, Origeni mmojawapo katika karne ya 3, ndio waliomsoma Shetani ndani yake. Ni mpaka Ufunuo 12 ndipo anapotajwa kwa majina yote pamoja: joka, nyoka wa zamani, aitwaye Ibilisi na Shetani. Ona na hilo jina. Biblia yako ya Kiswahili inasema Yesu alipandishwa nyikani ajaribiwe na Ibilisi, neno lile lile la ustadhi wangu. Bibi alikuwa anatucheka, anasema mnagombania mtu mmoja.

Sasa turudi kwenye hela. Uliniambia mwenyewe, usiku ule jikoni, kabla hatujagombana. Ulianza na elfu ishirini. Ukaweka mkeka wa mechi nne, zikajibu, ukarudisha elfu ishirini ya bibi ukabaki na faida, hakuna aliyejua. Wiki iliyofuata ukachukua hamsini. Qurani inasema msifuate nyayo za Shetani, na nyayo ni hivyo, mguu baada ya mguu, hakuna anayeruka kutoka mlangoni hadi shimoni. Halafu yule kijana wako wa kutoa utabiri wa mechi, aliyekuapia kuwa anakutakia mema. Hayo ndiyo maneno. Katika Sura ya Aaraf Shetani aliwaapia Adam na mkewe kwamba yeye ni mtu wa kuwanasihi tu, na katika Taha aliwaahidi mti wa milele na ufalme usiochakaa. Hakumwonyesha mtu ubaya.

Kwenu ni vivyo hivyo. Yesu amefunga siku arobaini, ana njaa, anaambiwa ageuze mawe yawe mikate. Mkate una ubaya gani? Akapandishwa kinara cha hekalu aambiwe ajitupe, na hapo Shetani anamsomea Zaburi ya 91. Nawe ulikuwa na aya yako: ungeishinda ile mechi ya mwisho ungemlipia bibi hospitali nzuri zaidi. Ulikuwa unaiba kwa ajili yake. Niliposikia hivyo nilitaka kukukumbatia, nakuapia. Ulilia mpaka chai ikapoa.

Sasa mbona mbele ya wazee ulimsukumia Shetani?

Hili ndilo linalonikaa kooni. Kwenye Biblia yako Adamu alipoulizwa alisema, "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa." Mwanamke naye akasema, "Nyoka alinidanganya, nikala." Shetani alinipitia, kwa maneno mengine, na adhabu haikupungua hata chembe. Kwetu, Adam na mkewe wanasema kwa pamoja: Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu. Anayetafuta wa kumsukumia ni Ibilisi. Anamwambia Mungu, kwa kuwa wewe umenipoteza, basi nitawakalia katika njia yako, niwajie mbele na nyuma, kulia na kushoto. Wa kwanza kusema nimepotezwa na mwingine ni yeye.

Na siku ya mwisho hatakutetea. Katika Sura Ibrahim anasimama mwenyewe kuwaambia wafuasi wake: sikuwa na mamlaka juu yenu, niliwaita tu mkaniitikia, msinilaumu mimi, zilaumuni nafsi zenu. Yakobo wako amesema hilo hilo kwa upole zaidi, kwamba kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Kote kuwili anaita tu. Kidole kilichobonyeza namba ya siri kilikuwa chako.

Kwa hiyo nikasimama, nikasema nilichosema. Kwamba usimsingizie Ibilisi, Ibilisi ni wewe. Mama mdogo akaangusha sinia. Najua lilikuwa neno zito kwa mtoto wa mama mdogo mbele ya watu wazima, na ustadhi mwenyewe alitufundisha mwenye hasira aseme audhubillahi, wala sikusema. Lakini mtu angenyamaza vipi? Shemeji ananiambia eti nilijigamba, eti nilisema mimi ni bora kuliko wewe. Sikusema hivyo. Nilisema nilikuwa natuma elfu themanini kila mwezi, bila kukosa, na wewe ulituma nini. Hiyo ni hesabu. Hesabu si kiburi.

Ulinitumia ile aya ya Waefeso, jua lisichwe na uchungu bado haujawatoka, wala msimpe Ibilisi nafasi. Ulituma saa sita usiku, jua limeshachwa zamani. Tangu hapo limechwa mara nyingi. Ipo hadithi yetu kwamba Ibilisi huweka kiti chake juu ya maji akatuma askari wake, wakirudi mmoja anasema nimefanya hili na lile, anaambiwa hujafanya kitu. Anayevutwa karibu na kusifiwa ni yule aliyewatenganisha mtu na mkewe. Ndugu hawakutajwa. Nimeisoma mara mbili nione kama wametajwa.

Koti la babu uliliacha kwenye kiti ulipoondoka. Liko kwangu. Mfukoni mlikuwa na karatasi ya dawa za bibi na shilingi mia tano. Sijalifua.

Dada yako.