Ukisema laki nane, sema ni kabla ya makato

Ndugu Mhariri,

Matangazo mengi ya kazi hapa Arusha, hasa ya kampuni za utalii na mahoteli, hayataji mshahara. Yanaishia kwenye "maslahi mazuri" au "maelewano", halafu simu ya kwanza inakuja na swali: unategemea kulipwa kiasi gani? Sisi tunaoandaa mishahara tunaona jibu likiharibika kwa sababu moja kuliko nyingine zote. Mwombaji anataja hela anayotaka kushika mkononi, na mwajiri anaandika namba ileile kama mshahara kabla ya makato. Hakuna aliyedanganya. Bajeti ya mwajiri hupangwa kwa mshahara kabla ya makato, kisha yeye huongeza juu yake michango yake mwenyewe, ndiyo maana hawazi kabisa cha mkononi.

Chukulia mhasibu anayeomba kazi kwenye kampuni ya safari, akasema "laki nane". Kwenye 800,000, mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 ni 80,000. Kodi, ile PAYE, inapigwa kwenye 720,000 inayobaki: 20,000 kwa sehemu inayofika 520,000, na asilimia 20 ya 200,000 iliyozidi hapo, yaani 40,000. Jumla ya kodi ni 60,000, na mkononi anabaki na 660,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi, inakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000 nyingine. Anapokea 540,000. Huyo ndiye anayekuja ofisini mwisho wa mwezi kuuliza hela yake imekwenda wapi.

Kwa hiyo hesabu ianzie mkononi irudi juu, na ifanywe kabla ya kutuma maombi. Ili kweli abaki na 800,000, asiye na mkopo anahitaji kama 1,005,000 kabla ya makato. Mwenye mkopo anahitaji kama 1,310,000. Pengo hilo la laki tatu usimpelekee mwajiri, maana deni lako si sehemu ya thamani ya nafasi. Pengo hilo linakusaidia wewe kujua mapema kama kazi hiyo italipa kodi ya nyumba na nauli ya kila siku ya Usa River, au uiache.

Simu ikipigwa, jaribu kwanza kumwachia mwajiri ataje. "Samahani, tangazo halikuonyesha mshahara. Nafasi hii mmeitengea kuanzia kiasi gani hadi kiasi gani, kabla ya makato?" Wengi hutaja, hasa ukiuliza kwa upole na kunyamaza baada ya kuuliza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda waombaji: sekunde tatu zikipita wanajijibu wenyewe, na kwa kawaida kwa kujipunguza. Akirudisha swali, taja namba, usizunguke mara ya pili: "Kwa majukumu mliyoyaeleza, naona kati ya milioni moja na milioni moja na laki moja na nusu, kabla ya makato." Ukitoa viwango viwili, atakachoshika ni cha chini, kwa hiyo cha chini kiwe kile ambacho ukipewa kesho utasaini. Kusema "kati ya laki sita na milioni moja" ni kuomba laki sita.

Fomu yenye kisanduku kisichokubali maneno ni ngumu zaidi. Usiweke sifuri, wala "inajadilika" pale panapotakiwa tarakimu. Weka namba yako ya kabla ya makato, halafu kwenye barua ya maombi andika sentensi moja kwamba kiasi hicho ni kabla ya makato na kinajadilika baada ya kuelewa majukumu.

Kwenye utalii kuna swali jingine ambalo haliulizwi vya kutosha: mshahara huo ni wa miezi yote 12? Aprili na Mei wageni hupungua, na wapo waajiri wanaopeleka watu likizo isiyo na malipo. Milioni moja kwa miezi 10 ni wastani wa 833,000 kwa mwezi. Bakshishi nayo usiihesabu. Hiyo ni ya mgeni, hata mwajiri akiitaja kwa mbwembwe kana kwamba anailipa yeye.

Mkikubaliana, omba iandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, pamoja na ujira na namna unavyokokotolewa. Angalia kama namba iliyoandikwa ni mshahara wa msingi peke yake au imejumuisha posho ya nyumba na usafiri. Kama imejumuishwa, uliza kila posho ni kiasi gani kabla hujaweka saini.

Waandaaji wa mishahara,
Njiro, Arusha